Sangara wafupi ni robo au robo tatu?

Katika hesabu za mtawanyo wa kawaida kuna kosa linalopita salama kwenye ukaguzi unaoaminiwa kuliko wote. Ni kosa la kuchukua mkia usio wenyewe: mtu anaulizwa sehemu iliyo chini ya kipimo fulani, naye anaandika sehemu iliyo juu yake. Akimaliza, anajumlisha mafungu yote ya jibu lake, anapata 1 kamili, anafunga daftari akiwa na uhakika. Jumla hiyo haimlindi hata kidogo, na nitaonyesha sababu kwa namba. Kinachomlinda ni mambo mawili anayoweza kuyafanya kwa kalamu tu: kukadiria jibu kabla hajafungua jedwali, halafu kulibana jibu la jedwali kati ya namba mbili ambazo haliwezi kuzivuka.

Mfano wenyewe upo kwenye kila mwalo wa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Kayenze, kokote samaki wanakopimwa. Kwa miaka mingi nchi tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria zimetumia mipaka ya sentimita 50 na 85 kwa sangara: aliye chini ya 50 kwa kawaida bado hajakomaa kuzaa, na aliye juu ya 85 ni mzazi mkubwa ambaye ziwa linamhitaji. Mipaka miwili inagawa samaki katika mafungu matatu, yaani wafupi, wa kati na warefu, na kila anayejifunza takwimu kando ya ziwa hili ataulizwa siku moja ni sehemu gani inaangukia wapi. Tuseme basi kwamba urefu wa sangara wa mwalo fulani una wastani wa sentimita 58 na mchepuko sanifu wa sentimita 12, na kwamba unafuata mtawanyo wa kawaida. Namba hizi mbili ni za zoezi. Nimezichagua kwa sababu zinafichua kosa mahali linapojificha vizuri zaidi.

Hatua ya kwanza ni kugeuza kila mpaka kuwa alama z, yaani kuhesabu mpaka uko michepuko sanifu mingapi kutoka kwenye wastani. Kwa 50 tunapata (50 − 58) ÷ 12, ambayo ni −0.67 tukikaribisha hadi desimali mbili. Kwa 85 tunapata (85 − 58) ÷ 12, yaani 2.25 kamili. Jedwali lililozoeleka, lile linalotoa eneo lote lililo kushoto mwa z, mara nyingi huchapishwa kwa z chanya tu. Kwenye 0.67 linasema 0.7486, na kwenye 2.25 linasema 0.9878. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaidondosha alama ya kutoa, wanasoma 0.7486, wanaandika kwamba hiyo ndiyo sehemu ya wafupi. Warefu wanakuwa 1 − 0.9878, yaani 0.0122, na hilo ni sahihi. Wa kati wanakuwa 0.9878 − 0.7486, yaani 0.2392. Sasa jumlisha: 0.7486 na 0.2392 na 0.0122. Ni 1.0000, bila kupungua wala kuzidi. Jibu sahihi ni wafupi 0.2514, wa kati 0.7364, warefu 0.0122, na lenyewe pia linatoa 1.0000. Majibu mawili yanayopingana kabisa, moja likisema wafupi ni robo tatu na jingine likisema ni robo, yote yamefaulu mtihani uleule.

Sababu yake ni rahisi kuiona ukifuatilia namba moja tu. Fungu la kati halikuhesabiwa kwa njia yake lenyewe. Lilipatikana kwa kutoa fungu la wafupi kutoka 0.9878. Kosa lolote lililoingia kwa wafupi linaingia tena kwa wa kati likiwa limegeuzwa alama, na kwenye jumla yanafutana. Andika 0.3 kwa wafupi, au 0.9, au namba yoyote uliyookota njiani: ukiendelea kutoa kwa utaratibu huo, jumla itabaki 1. Ukaguzi unaotumia namba ileile unayoikagua hauna nguvu ya kuikamata. Ili kujumlisha kuwe na maana, kila fungu lazima lifikiwe kwa njia inayojitegemea.

Ndiyo maana nasisitiza makadirio yaje kabla ya jedwali. Mtawanyo wa kawaida unalingana pande zote za wastani, hivyo nusu ya sangara wetu wako chini ya 58 na nusu wako juu yake. Hamsini iko kushoto mwa 58. Wafupi kwa hiyo ni sehemu ya ile nusu ya kushoto na hawawezi kufikia 0.5, achilia mbali 0.7486. Fungu la kati nalo linajitetea lenyewe: ndani yake mna samaki wote kuanzia 58 hadi 85, na hao peke yao ni 0.9878 − 0.5, yaani 0.4878. Fungu linalobeba kipande cha 0.4878 haliwezi kuwa na 0.2392. Mchoro wa kengele, hata ukiwa mbaya, wenye mstari wa 58 katikati na kivuli kwenye sehemu unayoulizwa, unatosha kuyaonyesha yote haya kwa nusu dakika. Mwanafunzi anayesema hana muda wa kuchora kwenye mtihani anasahau kwamba bila mchoro hana namna ya kujua kama alama ya kutoa imepotea.

Lakini hata makadirio ya nusu yana mpaka wake, na hii ndiyo sehemu ninayoona inafundishwa kidogo mno. Majedwali hayafanani. Lipo linalotoa eneo lote la kushoto, na safu yake ya kwanza kwenye z sifuri huandikwa 0.5000. Lipo linaloanzia katikati, likitoa eneo kati ya wastani na z, na safu yake ya kwanza ni 0.0000. Lipo pia la mkia wa kulia, linaloanza na 0.5000 na kushuka. Aliyezoea jedwali la mkia, akashika lile la katikati bila kuangalia safu ya kwanza, atasoma 0.2486 kwenye 0.67. Angalia namba hiyo vizuri. Iko chini ya nusu, iko kushoto kama inavyotakiwa, na iko jirani kabisa na 0.2514 iliyo sahihi. Sababu ni kwamba karibu na z ya 0.674 wastani na mpaka vinaigawa nusu katika robo mbili zinazolingana, hivyo kipande cha katikati na mkia vinakaribia kuwa sawa. Mwalimu anayesahihisha haraka anaweza kuhisi ni tofauti ya kukaribisha desimali tu. Siyo. Ni eneo jingine kabisa, na kwenye z ya 2.25 makosa yaleyale yangetoa 0.4878 badala ya 0.0122.

Hapo ndipo kulibana jibu kunapofanya kazi ambayo makadirio hayawezi. Alama z ya kweli ni −0.6667, kwa hiyo ukubwa wake uko kati ya 0.66 na 0.67. Mkia wa 0.66 ni 0.2546 na mkia wa 0.67 ni 0.2514. Kadiri mpaka unavyosogea mbali na wastani mkia hupungua, basi jibu la kweli halina budi kukaa kati ya namba hizo mbili. Kwa kutumia kompyuta linatoka 0.2525, ambalo limo ndani. Anayeandika 0.2514 kutoka kwenye jedwali na anayeandika 0.2525 kutoka kwenye kompyuta wote wako sawa. Tofauti yao ni ya kukaribisha desimali. Aliyeandika 0.2486 yuko nje ya kingo, na hakuna kukaribisha desimali kunakoweza kumfikisha huko. Mwelekeo nao unamfichua: akisogea kutoka 0.66 hadi 0.67, namba zake zinapanda, ilhali mkia unapaswa kushuka.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kikokotoo kinatoa jibu bila jedwali. Kikokotoo kimehamisha swali tu. Kwenye Casio fx-991MS, iliyo kwenye mikoba ya wanafunzi wengi, menyu ya mtawanyo ina P(, Q( na R(: ya kwanza ni eneo la kushoto, ya pili ni eneo kutoka katikati, ya tatu ni mkia wa kulia. Kwa −0.67 zinatoa 0.2514, 0.2486 na 0.7486, yaani namba tatu zilezile za majedwali matatu, na kubonyeza tarakimu moja isiyo yenyewe kunakurudisha kwenye makosa yaleyale. Kwenye Excel hali si tofauti. Amri hii inatoa 0.2525:

```
=NORM.DIST(50,58,12,TRUE)
```

Ukiandika FALSE mwishoni unapata kama 0.0266, ambayo ni kimo cha mchoro pale kwenye 50, wala si sehemu ya samaki. Mashine haijui umeulizwa upande gani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wavuvi na watafiti wenyewe: urefu wa sangara haufuati mtawanyo wa kawaida sawasawa. Nyavu za makila huchagua samaki kulingana na ukubwa wa matundu, na kwenye mizigo iliyokwisha kuchambuliwa wafupi wameshaondolewa, hivyo mkia wa kushoto umekatwa. Nalikubali. Ukaguzi wa jedwali unathibitisha kwamba hesabu imefuata dhana iliyowekwa, hauthibitishi dhana. Dhana hupimwa kwa kuhesabu samaki. Ukipima sangara 400 waliochukuliwa bila kubagua, jibu la 0.2514 linatazamia wafupi kama 101, na kwa bahati tu hesabu inaweza kuyumba hadi 17 hivi juu au chini. Ukikuta 40, chunguza wavu na mahali ulipochukulia samaki. Ukikuta 300, rudi kwenye karatasi, kwa maana hiyo ni karibu sawa na idadi ambayo mkia wa upande wa pili ungeitabiri. Ila lile kosa la 0.2486 samaki hawatakuonyesha kamwe: linatazamia wafupi 99, na kati ya 99 na 101 hakuna mwalo utakaotofautisha. Hilo linakamatwa mezani, kwa kuangalia safu ya kwanza ya jedwali na kulibana jibu.