Mshumaa wa kijani uliokuwa mwekundu: Bei ambayo chati yako ya kripto haikuonyeshi

Rafiki yangu mmoja wa Kasarani alinipigia simu usiku akiwa na hasira. Alikuwa ameweka oda ya kuuza Bitcoin yake kwa bei aliyoiona kabisa kwenye chati, mshumaa umepita hapo juu, na oda ikakaa tu bila kujazwa. “Buda, hawa watu wameniibia,” akasema. Nikamwomba anitumie picha ya skrini. Hakuna aliyemwibia. Bei aliyoisubiri siku hiyo haikuwa imefika sokoni, ilikuwa imechorwa tu.

Ukitazama juu ya chati yake uliona maneno mawili: Heikin Ashi. Pengine hata wewe umewahi kuyabofya kwenye TradingView, ukapenda vile chati ghafla inakuwa safi, kijani kinafuatana na kijani, nyekundu na nyekundu, makelele yote yameisha. Ni Kijapani. “Heikin” ni wastani, na “ashi” ni mguu, neno ambalo Wajapani hulitumia pia kwa mshumaa wa chati. Kwa hivyo unachokiona ni mshumaa wa wastani. Hapo kwa wastani ndipo mambo yote yanapoanzia.

Mshumaa wa kawaida una bei nne na zote zilitokea kweli: ya kufungua (O), ya juu zaidi (H), ya chini zaidi (L) na ya kufunga (C). Kuna mtu aliyenunua na mwingine aliyeuza kwa kila moja ya hizo. Mshumaa wa Heikin Ashi unazichukua hizo nne na kuzipika upya:

```
C ya HA = (O + H + L + C) / 4
O ya HA = (O ya HA ya jana + C ya HA ya jana) / 2
```

Yaani mahali unapofungia ni wastani wa bei za siku nzima, na mahali unapofungulia ni katikati ya mwili wa mshumaa uliotangulia. Huo mstari wa pili ndio wenye ujanja. Mshumaa wa leo unabeba nusu ya mshumaa wa jana, ambao nao ulibeba nusu ya wa juzi. Kumbukumbu haiishi, inapungua tu.

Sasa hebu tuchukue siku ambayo watu wa kripto hawaisahau, Machi 12, 2020, wakati hofu ya korona ilipoangusha masoko yote. Kwenye chati ya BTCUSDT ya Binance, Bitcoin ilifungua siku hiyo karibu dola 7,930, ikagusa juu 7,970, ikashuka hadi 4,410, na kufunga karibu 4,800. Jumlisha hizo nne ugawanye kwa nne, unapata kama dola 6,280. Hapo ndipo Heikin Ashi ilipofungia mshumaa wake.

Tulia kidogo uone maana yake. Siku imeisha, Bitcoin moja sokoni ni dola 4,800, lakini ncha ya mwili wa mshumaa wako inakwambia 6,280. Tofauti ni karibu dola 1,500. Ukipiga hesabu ya ulichopoteza kwa kutazama huo mshumaa, unajidanganya, tena kwa upande unaokufariji.

Siku iliyofuata ilikuwa ya ajabu zaidi. Machi 13 bei ilianzia 4,800, ikazama hadi karibu 3,780, halafu wanunuzi wakaingia kwa nguvu. Ikapanda hadi 5,955 na kufunga karibu 5,580. Ilifunga juu ya ilipofungulia, kwa hivyo mshumaa wa kawaida ni wa kijani, na una utambi mrefu chini unaoonyesha waliouza kwa hofu walivyozidiwa. Heikin Ashi je? Ilifungulia katikati ya mwili wa jana, juu ya dola 7,100, na kufungia kwenye wastani wa siku, kama 5,030. Mshumaa mwekundu, mrefu, wa kutisha.

Siku moja, soko moja, rangi mbili. Na huo mwekundu unaanzia juu ya dola 7,100 ilhali siku nzima hakuna aliyeuza hata kwa 6,000. Kile kilele halisi cha 5,955 kimezikwa ndani ya mwili, hukioni. Utambi wa chini ndio umebaki kuwa wa kweli, kwa sababu Heikin Ashi huacha bei halisi ya chini zaidi ionekane ikiwa imepita mwili. Rafiki yangu alianguka kwenye shimo hilihili: aliweka oda kwenye sehemu ya mwili ambayo ni hesabu tu.

Lakini tusiitupe mbali. Mshumaa wa kijani wa Machi 13 ulikuwa wa kweli, ila ungekuambia nini ukiuamini peke yake? Kwamba soko limegeuka. Siku zilizofuata Bitcoin haikupaa, ilirukaruka kuzunguka dola 5,000, leo kijani, kesho nyekundu, ya kutosha kukutoa jasho na kukumalizia pesa kwa ada za kununua na kuuza. Heikin Ashi ilibaki nyekundu siku nyingi kati ya hizo, ikisema jambo moja tu: mshuko bado haujapoa. Kisha Machi 19 bei iliporuka na kuvuka 6,000, nayo ilikuwa ya kijani. Ilichelewa kukuambia chini ni wapi. Ilikuokoa na vurugu za katikati.

Kazi yake hasa ni hiyo. Soko likipanda kwa nguvu, utaona mishumaa ya kijani isiyo na utambi wa chini, mmoja baada ya mwingine. Nguvu ikipungua, miili inakuwa mifupi na tambi zinatokea pande zote mbili. Kwenye mishumaa ya kawaida ishara hiyo hufunikwa na siku moja moja za nyekundu ambazo hazina maana kubwa, na msee mwenye wasiwasi huuza mapema.

Kwa hivyo mimi hutazama mwelekeo kwenye Heikin Ashi, halafu narudi kwenye mishumaa ya kawaida kabla sijaandika namba yoyote: ya kununua, ya kuuza, ya kukomesha hasara. Ukicheza kwa pesa za kukopa sokoni ndiyo usithubutu kabisa kufanya kinyume, maana soko linakufungia kwa bei halisi, halijui wastani wako.

Chunga pia wale wanaouza mbinu kwenye Telegram na matokeo ya majaribio yanayopendeza kupita kiasi. Waulize majaribio yalifanyiwa kwenye mishumaa gani. Kama ni Heikin Ashi na oda zikajazwa kwa bei zake, basi kompyuta ilinunua kwa bei ambazo hazikuwepo, na faida nayo haikuwepo. TradingView yenyewe ina sehemu kwenye mipangilio ya mbinu inayolazimisha oda zijazwe kwa bei za kweli. Iwashe uone faida inavyoyeyuka.

Na ukikuta chati ya mtu hujui ni ya aina gani, angalia mahali mshumaa unapoanzia. Kripto haifungi usiku wala Jumapili, kwa hivyo mshumaa wa kawaida huanza palepale uliotangulia ulipoishia. Ukiona kila mmoja unaanzia katikati ya tumbo la mwenzake, hiyo ni Heikin Ashi. Rafiki yangu alirudi kuangalia picha yake usiku huohuo, akanyamaza kidogo, kisha akashusha oda yake dola mia nne. Ilijazwa kabla hajalala.