Punguzo Likiisha, Mteja Huona Bei Imepanda

Bujumbura ina tabu yake ya pekee kwa mfanyabiashara anayetaka kupunguza bei ili auze zaidi. Faranga imekuwa ikipoteza thamani, na mnunuzi wa Buyenzi au Bwiza amezoea kurudi dukani akakuta bidhaa ileile imeongezwa bei. Ukimpunguzia kwa wiki mbili kisha ukarudi kwenye bei ya kawaida, yeye haoni kwamba ofa imekwisha. Anaona umepandisha bei kama wengine, na jina la bidhaa yako ndilo linalobeba lawama.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu inayoweza kutokea katika duka lolote mjini. Mama mmoja anakaanga kahawa ya Kayanza, anaisaga na kuiuza katika pakiti za gramu 250. Pakiti inamgharimu faranga 7,000 mpaka ifike rafuni, naye anaiuza 10,000. Kwa wiki anauza pakiti 40. Anaamua kupunguza asilimia 20 kwa wiki mbili, na bango linasomeka 8,000.

Mteja amepunguziwa asilimia 20, lakini faida ya mama huyu imekatwa kwa theluthi mbili: kutoka 3,000 kwa pakiti hadi 1,000. Ili asipoteze kitu, lazima auze mara tatu ya kawaida, yaani pakiti 120 kwa wiki. Hesabu hii kila mwenye duka anaweza kuifanya kabla ya kuandika bango: gawanya faida ya zamani kwa faida mpya, na jibu ndilo zidisho la mauzo unalohitaji. Anayepata faida ndogo kwa kila bidhaa, kama muuza sukari au mafuta ya kula, ataona kwamba hata punguzo la asilimia 5 linadai mauzo ambayo mtaa wake hauna.

Tuseme anauza pakiti 150 kwa wiki mbili hizo badala ya 80. Droo inajaa: faranga 1,200,000 badala ya 800,000. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu fedha zinaonekana na faida haionekani. Faida yake ni 150,000, ilhali bila ofa yoyote angepata 240,000. Wiki mbili zinazofuata mauzo yanashuka hadi pakiti 25 kwa wiki, kwa kuwa wateja wake wa siku zote walinunua nyingi wakaweka kabatini. Hapo anapoteza tena faida ya pakiti 30, yaani 90,000. Kwa mwezi mzima amepungukiwa na 180,000.

Kahawa ina hasara nyingine ambayo haimo katika hesabu hiyo. Ikishasagwa hupoteza harufu yake upesi, na pakiti ikifunguliwa inachakaa haraka zaidi. Mteja aliyeweka akiba atakunywa pakiti ya tatu au ya nne ikiwa imepooza. Hatasema, "Nimeiweka muda mrefu." Atasema kahawa ya mama yule siku hizi haina ladha. Na kwa bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuipima kwa macho, bei yenyewe humpa habari. Kahawa iliyokuwa 10,000 ikishuka ghafla hadi 8,000, wengine watauliza kama imekaribia kuharibika, au imechanganywa na kitu.

Kila mnunuzi ana bei aliyoizoea kichwani, na bei hiyo husogea. Ofa moja haiisogezi sana, lakini ofa ya kila mwezi huishusha mpaka 8,000 iwe ndiyo bei halali na 10,000 iwe dhuluma. Duka kubwa la nguo na vyombo la Marekani, JCPenney, liliyaona hayo mwaka 2012. Lilikuwa limewazoesha wateja kuponi na punguzo mfululizo, kisha likaamua kuviacha na kuweka bei moja ya chini kila siku. Mauzo ya mwaka huo yalianguka kwa karibu robo, na mwezi wa Aprili 2013 mkuu wake, Ron Johnson, akaondoka. Wateja hawakuwa wakifuata duka, walikuwa wakifuata punguzo. Hapa kwetu tazameni laini za simu: Lumitel ilipoanza kazi mwaka 2015 ilikuta mitandao mingine tayari ipo, na leo ni kawaida mtu kuwa na laini mbili, akipiga kwa ile yenye bonasi nzuri siku hiyo. Kila mtandao unapata dakika zake, lakini ni vigumu kuuita mteja huyo wa kwake.

Kuponi haifanyi kazi kama bango. Bei ya rafuni inabaki 10,000, imeandikwa, na kila mtu anaiona. Anayelipa kidogo ana karatasi mkononi na anajua kwa nini. Coca-Cola ilipokuwa changa, mwishoni mwa miaka ya 1880, ilisambaza kuponi za kumpa mtu glasi moja bure. Haikusema kinywaji ni rahisi, ilisema kionje. Mama wa kahawa anaweza kutoa kuponi kwa wageni wa hoteli au wafanyakazi wa ofisi ambao bado hawajainunua. Akiziacha juu ya meza ya duka lake zitachukuliwa na wateja wa kila siku, na atakuwa amewalipa wafanye walichokuwa wakikifanya bila malipo. Kwa hiyo kila kuponi iwe na namba, muhuri na tarehe ya mwisho, na zinazorudi ziandikwe: imetoka wapi, na aliyeileta alirudi mara ya pili kwa bei kamili au la. Wasiporudi, kuponi haijazaa wateja.

Kwa wale waliokwisha kuipenda kahawa yake, kadi ya mihuri inafaa zaidi: nunua pakiti tisa, ya kumi bure. Hesabu yake si ya kutisha. Pakiti tisa zinaleta faida ya 27,000, ya bure inagharimu 7,000, anabaki na 20,000. Kwa wastani ni sawa na punguzo la asilimia 10, lakini bei haikuguswa, na zawadi inatolewa baada ya uaminifu kuonekana. Kuna utafiti wa Nunes na Drèze, uliochapishwa mwaka 2006, wa kadi za kuosha magari. Kundi moja lilipewa kadi ya mihuri minane, jingine kadi ya mihuri kumi ambayo miwili ilikuwa imeshagongwa. Wote walibakiwa na minane. Katika kundi la kwanza asilimia 19 walikamilisha, katika la pili asilimia 34. Aliyekwisha kuanza hupenda kumaliza.

Mihuri hiyo, kama pointi, hata hivyo ni deni. Safaricom ya Kenya ilianza kutoa pointi za Bonga mwaka 2007, na watu wakaziweka miaka na miaka. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Wateja walilalamika sana, na kampuni ikausitisha mpango huo. Kwenye vitabu vya kampuni pointi zilikuwa mzigo, kwa mteja zilikuwa mali yake. Kama kadi yako ina kikomo, kiandike siku unapoitoa, kwa herufi zinazosomeka, na usikibadilishe mteja akiwa amebakiza mihuri miwili.