Makala Mbili, Swali Moja: Pima Kabla ya Kufuta

Mwenye tovuti akigundua kwamba makala zake mbili zinatokea kwenye Google kwa swali lilelile, ushauri anaopewa mara nyingi ni mfupi: futa moja. Watu humkumbusha kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye matokeo ya utafutaji, hata hivyo, wapo mafahali wanaokaa pamoja bila kudhuriana. Ukifuta kabla ya kupima, unaweza kupoteza wasomaji ambao makala ile ilikuwa ikiwaleta kwa maswali mengine kabisa. Kipimo kipo, hakilipiwi, na kinahitaji hesabu ya kujumlisha na kutoa tu.

Tuchukue mfano wa tovuti ya ufugaji yenye makala mbili. Ya kwanza inaeleza ratiba ya chanjo za kuku wa kienyeji tangu kifaranga hadi kuku mkubwa. Ya pili, iliyoandikwa mwaka mmoja baadaye, inahusu ugonjwa wa mdondo: dalili zake, jinsi unavyoenea na jinsi ya kuukinga. Mwenye tovuti anaona kwamba tangu makala ya pili itoke, wasomaji wanaotafuta “chanjo ya mdondo” wamepungua. Anahisi makala zake zinanyang'anyana. Huenda ni kweli, lakini kufanana kwa mada hakutoshi kuthibitisha.

Hatua ya kwanza ni kufungua Search Console, chombo ambacho Google huwapa wenye tovuti bure, na kuingia kwenye Performance. Hapo anachuja swali moja tu kwa kuchagua Query, kisha Exact query, na kuandika “chanjo ya mdondo”. Asipochagua Exact query, chombo kitamchanganyia maswali yote yenye maneno hayo, na makala mbili zinazojibu maswali mawili tofauti zitaonekana kama zinagombana. Achuje pia nchi, kwa mfano Tanzania peke yake, kwa sababu makala moja inaweza kushika nafasi nzuri Tanzania na nyingine Kenya. Hapo hakuna ugomvi wowote.

Kisha anafungua kichupo cha Pages. Tuseme katika siku 28 namba ziko hivi: makala ya ratiba imeonekana mara 580, na makala ya mdondo mara 450. Wengi huishia hapa, wakaona kurasa mbili zimeorodheshwa na kutoa hukumu. Namba inayoamua bado iko juu yao, kwenye jumla ya Impressions iliyoandikwa juu ya grafu.

Ile jumla ya juu huhesabu tovuti nzima. Mtu akitafuta na kurasa mbili za tovuti yako zikamtokea pamoja, hapo huhesabiwa mara moja tu. Kwenye orodha ya Pages kila ukurasa huhesabiwa peke yake, kwa hiyo utafutaji uleule huhesabiwa mara mbili. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ndiyo idadi ya mara ambazo kurasa zako zilitokea pamoja.

Katika mfano wetu, 580 na 450 ni 1,030. Ikiwa jumla ya juu ni 1,000, makala hizi zilitokea pamoja mara 30 hivi. Mara nyingine zote Google ilichagua moja na kuiacha nyingine. Hiyo ndiyo dalili ya kupokezana: kwa swali hili, Google haijaamua ukurasa upi ni jibu la tovuti hii. Lakini kama jumla ya juu ingekuwa 590, makala hizi zingekuwa zimetokea pamoja mara 440, karibu kila mara makala ya mdondo ilipoonekana. Hapo tovuti ingekuwa imeshika nafasi mbili kwenye ukurasa mmoja wa matokeo, na kufuta moja kungekuwa hasara. Google yenyewe ilitangaza mwaka 2019 kwamba kwa kawaida haitaonyesha zaidi ya matokeo mawili ya tovuti moja kati ya matokeo ya juu, hivyo mbili si kosa.

Kupokezana peke yake bado si ugonjwa. Lazima kuwe na hasara. Mwenye tovuti alinganishe miezi mitatu kabla ya makala ya pili na miezi mitatu baada yake, kwa swali hilohilo na nchi hiyohiyo. Ikiwa zamani nafasi ya wastani ilikuwa 5 na sasa ni 9, na mibofyo imeshuka ingawa watu wanaotafuta hawajapungua, shaka ina msingi. Ikiwa watafutaji wenyewe wamepungua, huenda ni msimu tu. Kwa sababu hiyo ni vyema kutazama pia miezi ileile ya mwaka uliotangulia, maana Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16.

Baada ya hapo atafute chanzo, na chanzo kimo ndani ya makala zenyewe. Kwenye makala ya mdondo anakuta sehemu ndefu yenye kichwa “Chanjo ya mdondo”, inayoeleza matone ya jichoni na kurudia kila miezi mitatu, mambo yaleyale yaliyomo kwenye makala ya ratiba. Anakuta pia kwamba makala nyingine za tovuti zina viungo vyenye maneno “chanjo ya mdondo”, nusu vikielekea huku na nusu kule. Tovuti yenyewe ndiyo inayotoa majibu mawili.

Kabla hajagusa chochote, anaondoa kichujio cha swali na kuchuja ukurasa wa mdondo peke yake, aone unaletewa wasomaji na maswali gani mengine. Akikuta “dalili za mdondo kwa kuku” inauletea wasomaji wengi, jibu limepatikana: makala hiyo ina kazi yake na ibaki. Maelezo ya chanjo yahamie kwenye makala ya ratiba. Kwenye makala ya mdondo ibaki aya moja yenye kiungo cha kwenda huko, na viungo vyote vya “chanjo ya mdondo” vielekee ukurasa mmoja. Kama ukurasa ule haungekuwa na swali lake lolote, hapo ndipo angehamisha yaliyo mema ndani yake na kuuelekeza moja kwa moja kwa 301, badala ya kuufuta ukabaki anwani iliyokufa.

Wengine hukimbilia alama ya `rel="canonical"`. Alama hiyo imekusudiwa kurasa zenye maudhui yaleyale au yanayokaribia kuwa yaleyale. Kwa makala mbili zilizoandikwa tofauti, Google inaweza kuipuuza.

Kipimo hiki kina mipaka. Search Console huficha maswali yanayoulizwa na watu wachache sana, na swali lililoonekana mara 20 kwa mwezi halitoshi kukatia shauri. Pia usidanganywe na anwani zenye alama ya `#` kwenye orodha ya Pages. Hizo huwa ni vichwa vya ndani ya ukurasa uleule, wala si makala ya pili.

Baada ya marekebisho, mwenye tovuti asubiri wiki kadhaa Google ipitie upya kurasa zote mbili, kisha arudie hesabu ileile. Marekebisho yakifaulu, Impressions za “chanjo ya mdondo” zitakuwa karibu zote kwa makala ya ratiba, huku “dalili za mdondo kwa kuku” ikiendelea kuleta wasomaji kwenye makala ya pili. Ikiwa kupokezana kumekwisha lakini nafasi haijapanda, basi kikwazo ni kingine: pengine tovuti nyingine zinajibu swali hilo vizuri zaidi, na kazi iliyobaki ni kuboresha ile makala moja.