Afisa mikopo: namba inayoamua kama utapanda cheo

Vijana wengi wanaomaliza chuo huingia kwenye sekta ya fedha kupitia mlango mmoja: afisa mikopo, iwe ni benki, kampuni ya mikopo midogo au SACCOS. Wengi wanadhani atakayepanda ni yule anayetoa mikopo mingi. Siyo kweli sana.

Namba ambayo bosi huangalia kwanza ni mikopo iliyo hatarini, ambayo kwenye ripoti za kompyuta inaonekana kama PAR. Tuseme umekopesha na bado unadai wateja shilingi milioni 200. Wateja watatu wamechelewesha rejesho kwa zaidi ya siku 30. Marejesho yaliyochelewa ni 700,000 tu, lakini deni lote lililobaki kwao ni milioni 10. Inayohesabiwa ni hiyo milioni 10, yaani PAR yako ni asilimia 5. Hapo ndipo wageni wa kazi hushtuka.

Kinachoishusha namba hiyo ni kumsoma mteja kabla hajapewa pesa. Chukua mfano wa mwenye duka anayeomba milioni 2 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi ya mkopo wote. Anakwambia anauza laki moja kwa siku. Kwa siku 26 ni milioni 2.6, inavutia! Ila hayo ni mauzo, siyo faida. Duka la rejareja likibakiza asilimia 15, anapata 390,000. Toa kodi ya fremu 80,000, umeme na usafiri 40,000, matumizi ya nyumbani 150,000. Amebaki na 120,000, wakati rejesho ni karibu 227,000.

Afisa mzuri hamfukuzi. Anampa 700,000, rejesho linakuwa kama 79,000 kwa mwezi, na akiba kidogo inabaki kwa siku mtoto akiumwa. Hata hiyo laki moja haiamini kwa mdomo: anaangalia daftari, miamala ya simu, na anapita dukani jioni bila taarifa.

Wapo wanaoficha uchafu kwa kumpa mteja aliyechelewa mkopo mpya ili alipe wa zamani. Mkaguzi huwakamata kirahisi, maana mkopo wa zamani unafungwa na mpya unafunguliwa siku hiyohiyo.

Njia ya kupanda inatofautiana. Kwenye kampuni yenye matawi, afisa mwenye PAR ndogo ndiye hufikiriwa kuwa msimamizi wa wenzake, kisha meneja wa tawi. Benki huongeza uzito wa vyeti, kama CPA inayotolewa na NBAA. SACCOS nyingi zina wafanyakazi wachache, hivyo anayejua mikopo na pia kufunga hesabu za mwezi ndiye anayekaribia kiti cha meneja.

Ukienda usaili wa nafasi ya juu, jiandae kutaja PAR yako na kueleza ilivyokuwa ulipokabidhiwa wateja hao.