Bei za mahindi sasa kila siku: Barua kwa watazamaji yaeleza kitakachobadilika

WAFANYABIASHARA wa mahindi waliozoea kufungua dashibodi ya bei kila Jumatatu asubuhi sasa watalazimika kujifunza upya namna ya kuisoma. Kampuni moja binafsi inayokusanya bei za jumla za nafaka imewaandikia barua watazamaji wake ikiwaarifu kwamba takwimu zilizokuwa zikihuishwa mara moja kwa wiki, kuanzia mwanzo wa mwezi ujao zitahuishwa kila siku ya soko, yaani Jumatatu hadi Jumamosi.

Kwa mtu mwenye mzigo njiani habari hiyo ni njema. Bei ya wiki iliyopita haimsaidii sana yule ambaye lori lake linatoka Kibaigwa usiku wa leo. Lakini ukurasa wa pili wa barua hiyo ndio unaostahili kusomwa kwa makini, maana unakiri jambo ambalo matangazo ya namna hii kwa kawaida hulificha: namba zenyewe zitabadilika maana, hata pale jina la safu kwenye skrini litakapobaki lile lile.

Hadi sasa namba iliyoandikwa "Bei ya jumla" ilikuwa wastani wa wiki nzima, na kila siku ilihesabiwa kwa kadiri ya magunia yaliyouzwa. Siku yenye mauzo makubwa ilikuwa na uzito zaidi kuliko siku ya mauzo haba. Kuanzia mwezi ujao namba hiyo itakuwa bei ya siku moja tu. Wengi watadhani kwamba wakijumlisha bei za siku sita na kugawa kwa sita watapata ile namba ya zamani. Hawataipata.

Barua inatoa mfano kwa tarakimu za kubuni. Katika soko moja, Jumatatu yameuzwa magunia 600 ya kilo 100 kwa sh. 80,000 kila moja. Jumanne na Jumatano yameuzwa magunia 200 kila siku kwa sh. 83,000. Alhamisi yameingia malori mengi, yakauzwa magunia 500 kwa sh. 80,000. Ijumaa ni magunia 400 kwa sh. 81,000, na Jumamosi ni magunia 100 tu kwa sh. 86,000.

Ukijumlisha fedha zote za wiki hiyo na kuzigawa kwa magunia yote 2,000, unapata sh. 81,100 kwa gunia. Hiyo ndiyo bei ambayo dashibodi ya zamani ingeonyesha. Ukichukua bei sita za kila siku na kuzigawa kwa sita, bila kujali wingi wa mauzo, unapata sh. 82,167. Tofauti ni sh. 1,067 kwa gunia. Kinachoivuta namba juu ni Jumamosi, siku ambayo waliokuja ni wanunuzi wa gunia moja au mawili, nao hawana nguvu ya kupatana bei kama mwenye lori.

Shilingi elfu moja na kidogo zinaweza kuonekana si kitu. Lakini kwa mzigo wa magunia 300 zinafikia sh. 320,000 hivi, na hapo ndipo wenye mikataba wanapopaswa kushtuka. Mikataba mingi ya kusambaza nafaka kwa mashine za kusaga, shule na wapishi wakubwa haitaji bei kwa tarakimu. Huandikwa kwamba mzigo utalipwa "kwa bei ya dashibodi siku ya kupokelewa". Maneno hayo yalitosha wakati namba ilikuwa moja kwa wiki nzima. Sasa mpokeaji anaweza kuahirisha kupokea mzigo kutoka Jumamosi hadi Jumatatu, na kwa tarakimu za mfano huo, bei Jumatatu ikirudi sh. 80,000, akaokoa sh. 6,000 kwa kila gunia. Muuzaji naye anaweza kujitahidi lori lifike Jumamosi. Katika hali zote mbili hakuna aliyevunja mkataba.

Kampuni imeahidi kwamba wastani wa wiki hautafutwa. Utahamia kwenye safu yake yenyewe, ukihesabiwa kwa kanuni ile ile ya wingi wa mauzo. Kwa hiyo mwenye mkataba anayetaka mambo yabaki kama yalivyokuwa anapaswa kuandika waziwazi kwamba bei itakayotumika ni wastani wa wiki uliozingatia wingi wa mauzo, na ataje ni wiki ipi: ile ya mzigo kupokelewa au iliyotangulia.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliona, na huenda likawapotosha hata wazoefu. Dashibodi hukusanya bei kutoka masoko kadhaa, na masoko hayo hayafanani. Mahindi yakiwa bado bara ni rahisi kuliko yakishafika Dar es Salaam, kwani nauli, upakiaji na ushuru havijaongezwa. Katika wiki nzima kila soko hupata nafasi ya kuleta taarifa zake, hivyo mchanganyiko wa masoko haukubadilika sana kutoka wiki moja hadi nyingine. Siku moja haina uvumilivu huo.

Mfano wa pili wa barua ni huu. Leo soko la bara limeuza magunia 500 kwa sh. 65,000, na soko la Dar es Salaam magunia 500 kwa sh. 80,000. Wastani wa leo ni sh. 72,500. Kesho mtandao wa simu wa yule anayeleta taarifa kutoka bara umekatika, na taarifa iliyofika ni ya Dar es Salaam peke yake, bei ikiwa ile ile ya sh. 80,000. Skrini itaonyesha sh. 80,000. Mtazamaji ataona bei "imepanda" kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, wakati hakuna muuzaji hata mmoja aliyeongeza senti. Keshokutwa taarifa ya bara ikirudi, bei "itaporomoka".

Ili kuzuia hilo, safu ya mabadiliko haitahesabiwa tena kwa kutoa namba ya jana kutoka ya leo. Itahesabiwa kwa masoko yaliyoleta taarifa siku zote mbili tu. Katika mfano huo safu ya mabadiliko itaandika sifuri, ambalo ndilo jibu la kweli. Usumbufu wake ni kwamba mtu mwenye kikokotoo atakuta hesabu haziingiani: bei imetoka 72,500 hadi 80,000 na bado mabadiliko ni sifuri. Barua inasema hilo si kosa. Karibu na kila bei patakuwa na idadi ya masoko yaliyohesabiwa, na idadi hiyo ikishuka ghafla, bei ya siku hiyo isiaminiwe peke yake.

Wenye tabia ya kuweka tahadhari katika simu zao, kwa mfano simu ilie bei ikibadilika kwa asilimia 3, watasumbuliwa kuliko wote. Sababu yake inahitaji kuelezwa taratibu. Kila bei inayoletwa kutoka sokoni ina mtikisiko wake usiotokana na mwenendo wa soko: mzigo wenye unyevu, mteja wa mwisho wa siku, mtu aliyesikia vibaya. Wastani wa siku sita huuzima sehemu kubwa ya mtikisiko huo. Ukichukua siku moja tu, na mitikisiko ya siku moja haihusiani na ya nyingine, inakuwa mikubwa mara 2.45 hivi, ambayo ni kipeuo cha pili cha 6.

Wakati huo huo mwendo wa kweli wa bei unagawanyika. Soko linalopanda sh. 3,000 kwa wiki linapanda sh. 500 tu kwa siku. Basi kama mtikisiko katika namba ya wiki ulikuwa sh. 1,000, mtazamaji wa wiki aliona kupanda kwa 3,000 juu ya mtikisiko wa 1,000, na angeweza kutambua kinachoendelea. Mtazamaji wa kila siku anatafuta 500 ndani ya mtikisiko wa 2,450. Hawezi kuiona kwa siku moja, wala mbili. Ndiyo maana kampuni itachora pia mstari wa wastani wa siku 24 za soko, ambazo ni sawa na zile wiki nne za mstari wa zamani, na inashauri tahadhari za simu zifungwe kwenye mstari huo.

Makosa ya vipimo nayo yatajionyesha zaidi. Gunia la lumbesa la kilo 120 likiuzwa kwa sh. 96,000, bei yake ni sh. 800 kwa kilo, yaani sh. 80,000 kwa kilo 100. Mkusanyaji akiliandika kama gunia la kawaida, bei inaruka kwa asilimia 20. Kosa moja kama hilo lilikuwa likizama ndani ya wiki, lakini sasa litasimama peke yake kwenye skrini kwa siku nzima.

Siku za sikukuu zitaachwa wazi. Kampuni imekataa kurudia bei ya jana siku ambayo soko limefungwa, na imefanya vema, kwa sababu bei iliyorudiwa huonekana kama soko tulivu kumbe soko halikuwapo. Takwimu za miaka iliyopita nazo zitabaki za wiki. Hazitakatwa vipande ili zionekane za kila siku, na mchoro utakuwa na mstari wa wima kuonyesha mahali kanuni ilipobadilika.

Eneo moja barua imelipita juu juu. Bei ya kila siku itatoka saa 12 jioni ikiwa na alama ya "awali", kisha itarekebishwa saa 3 asubuhi inayofuata baada ya taarifa zilizochelewa kufika. Barua haisemi kama ile namba ya awali itahifadhiwa mahali pa kuonekana. Aliyelipwa jioni kwa namba ya awali, na akakuta asubuhi namba nyingine mahali pale pale, hatakuwa na ushahidi wa alichokiona isipokuwa amepiga picha ya skrini. Hadi kampuni itakapotoa jibu, wenye mikataba wana sababu ya kuongeza neno "iliyorekebishwa" baada ya neno "bei", na kusubiri asubuhi kabla ya kulipana.

Kwa wiki nne za mwanzo safu za zamani na mpya zitaonyeshwa bega kwa bega. Mwenye mkataba anaweza kutumia muda huo kuhesabu mzigo wake mmoja kwa bei zote mbili, aone tofauti inamwangukia nani, kabla safu ya wiki haijahamishiwa ukurasa wa ndani.