Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Wiki kwa Wiki

Mgonjwa aliyeondolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia kwa kawaida hufunguliwa bandeji siku inayofuata. Kuona ukungu, kutokwa machozi na kuhisi kama kuna mchanga jichoni ni mambo ya kawaida kwa siku chache.

Wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa kidonda hakijafunga vizuri na vijidudu vyaweza kuingia ndani. Mgonjwa asilisugue jicho, asiliingize maji, asibebe ndoo wala kuinama shambani. Usiku alale na kikinga jicho. Tuchukue mfano wa mkulima aliyeona vizuri siku ya pili, kisha siku ya nne jicho likaanza kuuma, likawa jekundu na uoni ukafifia. Huyo asingoje tarehe ya kliniki. Arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwani maambukizi ya ndani yaweza kulipofusha jicho upesi. Ili kugundua mapema, kila asubuhi afunike jicho jingine na kutazama kitu kile kile, mathalani mlango wa jirani.

Wiki ya pili hadi ya nne, matone ya kutuliza uvimbe huendelea, yakipunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari. Wengi huyaacha mapema kwa sababu tayari wanaona, na uvimbe hurudi.

Kati ya wiki ya nne na ya sita jicho huwa limetulia, na ndipo miwani hupimwa. Lenzi ya kawaida iliyowekwa kwa kuona mbali haijirekebishi kwa vitu vya karibu, hivyo miwani ya kusomea bado huhitajika.