Advansi ya Kazini: Mbona Peslipu Inaendelea Kukukata?

Ukiishi Umoja, Kayole au Donholm unajua vile tarehe tano inavyokuja. Mwenye nyumba anangoja, mshahara wa mwezi uliopita umekwisha kitambo, na ofisini kuna fomu ya advansi. Unajaza leo, kesho pesa iko kwa simu. Ile sehemu ambayo wengi wetu hatuisomi ni jinsi itakavyorudi.

Kampuni nyingi siku hizi zinalipa mishahara kupitia mfumo wa ERP. Advansi yako ikiidhinishwa, karani anaiingiza kama deni lenye kiasi kamili, mwezi wa kuanza kukatwa na kiasi cha kila mwezi. Kuanzia hapo mfumo unakata wenyewe, hakuna mtu anayekumbuka wala kusahau. Na kuna ukuta mmoja ambao haupaswi kuvukwa: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Tuchukue mfano wa fundi wa kiwanda kidogo pale Kariobangi Light Industries, mshahara 30,000. Theluthi mbili ni 20,000, kwa hivyo lazima aende nyumbani na angalau 10,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba na PAYE zinamkata jumla ya 3,806.25. Sacco inachukua 8,000. Ana mkopo wa kazini wa 48,000, usio na riba, anaolipa 4,000 kwa miezi 12. Halafu mwezi huu alichukua advansi ya 8,000, irudi yote mwisho wa mwezi.

Jumlisha: 23,806.25. Imepita ukuta kwa 3,806.25. Mfumo uliowekwa vizuri utakata 4,193.75 pekee ya advansi, umpe 10,000 yake, na usukume hizo 3,806.25 hadi mwezi ujao. (Sheria hiyo hiyo ina kikomo kingine: deni la mwajiri lisizidi nusu ya kinachobaki baada ya makato mengine. Kwa huyu fundi nusu hiyo ni kama 9,096, kwa hivyo ukuta wa kwanza ndio unaomshika mapema.)

Sasa angalia mwezi wa pili. Sacco 8,000, mkopo 4,000, salio la advansi 3,806.25 na makato ya serikali, jumla 19,612.50. Anabaki na 10,387.50. Akitaka advansi nyingine ya kukatwa mwezi huo, nafasi iliyobaki ni shilingi 387.50. Hapo ndipo watu hukasirikia karani, wakidhani wamenyimwa. Kusema kweli, advansi ya mwezi jana ndiyo imeketi kwenye nafasi hiyo.

Lakini shida inayowauma watumiaji wa pesa kwa simu ni nyingine. Tuseme katikati ya mwezi wa pili fundi wetu anapata kibarua cha wikendi, na kwa furaha anatuma 3,806 kwa nambari ya Paybill ya kampuni ili amalize deni. Simu inaleta ujumbe, yeye anatulia. Mwisho wa mwezi peslipu inamkata 3,806.25 tena!

Si lazima awe ameibiwa. Pesa imeingia benki ya kampuni, ila ratiba ya makato haijui. Kwenye ERPNext, kwa mfano, mkopo ukiwekwa alama ya `Repay From Salary`, unakatwa kwenye mshahara. Malipo ya nje ya mshahara yanapaswa kuingizwa kivyake kama `Loan Repayment`, dhidi ya mkopo ule ule. Bila hiyo, kwa mfumo deni bado liko.

Kwa hivyo kabla ya kutuma, uliza ofisi mishahara inafungwa tarehe ngapi, maana ukilipa baada ya hapo makato ya mwezi huo yameshapangwa. Kwenye nafasi ya akaunti andika nambari yako ya kazi, si jina la utani. Kisha peleka ule ujumbe wa uthibitisho ofisini, wenye nambari ya muamala, na uombe kuona salio jipya la deni. Usiufute hadi peslipu ya mwezi huo itoke.

Na hata kama hujatuma chochote, soma mstari wa mkopo kwenye peslipu kila mwezi. Salio lapaswa kushuka kwa kiasi kile kile ulichokatwa. Kama peslipu yako haionyeshi salio, hesabu miezi mwenyewe: 4,000 mara 12, basi. Tumeona makato yaliyoingizwa kama kiasi cha kila mwezi tu, bila jumla ya deni wala mwezi wa mwisho, na hayo huendelea hata mwezi wa 13. Ukiyagundua, andika barua au imeili, taja miezi na kiasi, na udai kurudishiwa kwenye mshahara unaofuata au kwa simu yako.